Kabla hujapiga kelele "Traveli!", niambie ni mguu gani

Zilibaki sekunde chache. Timu ya Kitengela ilikuwa nyuma kwa pointi moja, na mpira ulikuwa mikononi mwa msichana mmoja wa kidato cha tatu ambaye leo nitamwita Saba, kwa sababu ya namba iliyokuwa mgongoni mwake. Alimpita mlinzi wa kwanza, akaudaka mpira kwa mikono miwili, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, juu! Mpira ukagonga ubao ukaingia. Sisi tuliotoka Kitengela kwa matatu asubuhi ile, tukipita Isinya hadi Kajiado mjini na madirisha wazi, tulikuwa tushaanza kurukaruka.

Kumbe filimbi ilikuwa imelia. Refa alikuwa anazungusha ngumi zake mbele ya kifua. Traveli. Kikapu kikafutwa, mpira ukapewa wenyeji, mechi ikaisha hivyo.

Ilikuwa filimbi ya nne dhidi ya Saba siku hiyo. Ile ya tatu ilipolia, kocha alimtoa akamwambia maneno ambayo mpaka leo yananikera: "Ukipata mpira, usisogee." Alimrudisha mwishoni tu kwa sababu mwenzake alikuwa na faulo tano. Tukiwa kwenye matatu ya kurudi, Saba alinigeukia akaniuliza, "Bro, kwani nilikosea wapi?" Nikafungua mdomo kumjibu, nikagundua sina jibu. Mimi, ambaye tangu niache chuo nimeshinda kwenye korti za Kitengela kuliko mahali pengine popote, sikuweza kumwambia ni kosa gani.

Tatizo si refa mmoja. Wengi wetu tunaocheza, tunaofunza na tunaoshangilia basketiboli huku Kajiado hatujui tofauti kati ya traveli na dabo, na hatujui mguu wa pivoti unapatikanaje. Tunatumia neno "traveli" kwa kila kitu kinachoonekana vibaya. Na anayelipia ujinga huo ni mtoto anayeambiwa asisogee.

Basi tuanze mwanzo kabisa. Basketiboli iliandikiwa kanuni zake za kwanza mwaka wa 1891, mwezi wa Desemba, na mwalimu mmoja kwa jina James Naismith katika mji wa Springfield, Marekani. Zilikuwa kanuni 13 tu. Ya tatu ilisema mchezaji haruhusiwi kukimbia na mpira. Aurushe kutoka pale alipoudakia, ila anayedaka akiwa kwenye mbio apewe nafasi kidogo ya kusimama. Kudunda kama tunavyokujua leo hakukuwepo. Kulikuja baadaye, wachezaji waliobanwa walipogundua kwamba wakiuachilia mpira chini na kuufuata, hawakimbii nao.

Ukishaelewa hapo, kila kitu kinafunguka. Ukiwa umeushika mpira, umefungwa mahali. Kudunda ndio ruhusa yako ya kuondoka mahali hapo, na ruhusa hiyo unaipata mara moja. Ukiondoka bila ruhusa, hiyo ni traveli. Ukiitumia ruhusa, ukaimaliza, kisha ukataka kuitumia tena, hiyo ni dabo. Traveli ni kesi ya miguu wakati mpira uko mkononi. Dabo ni kesi ya mikono baada ya kudunda kuisha.

Kuna msee ataniambia, adhabu si ni ile ile? Ni kweli. Zote mbili mpira unapewa wapinzani, warushe kutoka nje ya mstari karibu na pale kosa lilipotokea. Lakini kile ambacho mchezaji anatakiwa kurekebisha si kile kile. Ukimwambia mtoto ametembea wakati kosa lake lilikuwa kudunda mara ya pili, ataenda nyumbani kurekebisha miguu ambayo haikuwa na shida, na Jumamosi ijayo atarudia kosa lile lile la mikono.

Turudi Kajiado. Mmoja wetu alikuwa amerekodi mechi kwa simu, na jioni ile tuliitazama polepole, filimbi moja baada ya nyingine.

Filimbi ya kwanza. Saba anatoka kwenye kona kuufuata mpira wa pasi. Anaudaka akiwa hewani, miguu yote miwili imeacha chini. Anatua mguu wa kushoto kwanza, halafu wa kulia. Mlinzi anamjia kifuani, naye anarudi nyuma kwa kuuinua mguu wa kushoto na kuuweka mahali pengine, mpira bado uko mikononi. Filimbi.

Refa alikuwa sawa kabisa. Ukidaka hewani na kutua mguu mmoja kisha mwingine, ule uliotangulia kugusa chini ndio mguu wako wa pivoti, na hauna uchaguzi tena. Mguu wa pili unaweza kuuzungusha utakavyo, mbele, nyuma, pembeni, hata mara kumi, mradi ule wa kwanza umebaki umekanyaga palepale. Saba alipaswa kurudi nyuma kwa mguu wa kulia. Alirudi kwa ule uliofungwa, hivyo hiyo ni traveli.

Kumbuka kwamba mguu wa pivoti unaruhusiwa kuzunguka. Kisigino kinaweza kuinuka ukageukia kidole, hakuna shida. Kinachokatazwa ni kuuburuta, au kuuinua na kuurudisha chini ukiwa bado na mpira. Kuuinua tu si kosa kama unaenda kupiga pasi au kurusha: unaweza kuruka ukitokea kwenye mguu huo, lakini mpira lazima uwe umetoka mikononi kabla mguu wowote haujarudi chini. Ndiyo maana yule anayeruka ili arushe, akaona mlinzi mrefu, akaghairi na kutua na mpira wake, anapigiwa filimbi.

Filimbi ya pili. Saba anadaka tena hewani, lakini safari hii anatua kwa miguu yote miwili kwa wakati mmoja, pah! Anatulia. Kisha anapiga hatua ndefu kwa mguu wa kulia kumpita mlinzi, na mpira unaanza kudunda mguu huo ukiwa bado njiani. Refa anazungusha ngumi. Benchi la wenyeji linashangilia. Hata mimi siku ile nilidhani ni traveli, kwa sababu mguu ulisogea kabla mpira haujagonga chini.

Tulikuwa tumekosea wote. Ukitua kwa miguu miwili kwa pamoja, au ukidaka ukiwa umesimama tu, mguu wa pivoti haujachaguliwa bado. Unachaguliwa pale unapouinua mmoja: ule uliobaki chini ndio pivoti. Saba aliinua wa kulia, kwa hivyo pivoti ilikuwa wa kushoto. Na kanuni ya kuanza kudunda haisemi mguu wowote usisogee. Inasema mpira utoke mkononi kabla mguu wa pivoti haujainuka. Kwenye video, mpira unatoka mkononi huku kiatu cha kushoto kikiwa bado kimekanyaga. Hakuna kosa hapo. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ambayo kila mchezaji mzuri unayemsifu kwenye TV anaitumia kumwacha mlinzi.

Lakini pia tusidanganyane, hapa ndipo wachezaji wengi wa mtaani huumbuka. Hatua ikiwa ndefu kuliko nguvu za nyonga, au ukivuka mguu mmoja mbele ya mwingine kwa haraka, mguu wa nyuma huchomoka kabla mpira haujatoka. Unapotazama, usiangalie mguu unaoenda. Angalia ule unaobaki, na mkono. Swali ni moja tu: nani ameondoka kwanza, mpira au mguu wa nyuma?

Filimbi ya tatu nitairukia kidogo, kwa sababu haikuwa traveli. Twende kwanza kwa ya nne, ile ya kikapu cha mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo inayozua vita kila wikendi.

Hesabu ya refa ilikuwa hivi: kushoto, kulia, kushoto. Tatu. Na sote tulifunzwa shuleni kwamba ni hatua mbili tu, hivyo tatu ni traveli. Hesabu yake haikuwa ya uongo. Miguu iligusa chini mara tatu kweli. Shida ni pale alipoanzia kuhesabu.

Shirikisho la dunia, FIBA, ambalo kanuni zake ndizo zinazotumika kwenye ligi ya KBF hapa Kenya, lilibadilisha kanuni ya traveli, na mabadiliko hayo yakaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2017. Tangu siku hiyo, mchezaji anayedaka mpira akiwa kwenye mwendo, au anayemaliza kudunda akiwa kwenye mwendo, ana hatua mbili za kusimama, kupiga pasi au kurusha. Na hatua ya kwanza ni pale mguu unapogusa chini baada ya yeye kuumiliki mpira. Baada. Hilo ndilo neno lenye kesi yote. Kama mguu ulikuwa tayari umekanyaga wakati anaudaka, mguu huo hauhesabiwi. Waamuzi huuita hatua sifuri.

Sasa mtazame Saba polepole. Mpira unapanda kutoka kwenye dundo la mwisho. Mguu wa kushoto uko chini. Mikono yote miwili inaufunga mpira, na mguu wa kushoto bado uko chini. Hiyo ni sifuri. Anakanyaga wa kulia, moja. Anakanyaga wa kushoto, mbili. Anaruka, anauachia mpira. Safi. Kikapu kilikuwa halali.

Laiti angeufunga mpira mapema kidogo, wakati ule mguu wa kushoto ulikuwa bado hewani ukielekea chini, hesabu ingekuwa tofauti: kushoto moja, kulia mbili, kushoto tatu, na refa angekuwa sawa. Tofauti kati ya ushindi na traveli ni kijisehemu cha sekunde. Ndiyo maana simlaumu mwalimu aliyekuwa na filimbi, peke yake uwanja mzima, ambaye alitakiwa aone mikono na miguu kwa wakati mmoja. Ninachokilalamikia ni kwamba hakuwa akiitafuta sekunde hiyo. Alikuwa anahesabu kwa kanuni aliyofunzwa zamani, na hakuna aliyemwambia imebadilika.

Kudunda kunaisha lini hasa? Kunaisha ukigusa mpira kwa mikono miwili kwa pamoja, au ukiuacha utulie kwenye mkono mmoja au yote miwili. Kabla ya hapo, mpira ukiwa kati ya mkono na sakafu, hakuna idadi ya hatua. Unaweza kuusukuma mbali na kuufuata kwa hatua tano kubwa kabla hujaugusa tena. Nimesikia watu wazima pale Kitengela wakipiga kelele "Traveli!" kwa sababu msee amepiga dundo moja akakimbia kama swara. Hiyo si traveli. Hajaushika mpira, kwa hivyo hajafungwa mahali.

Kuna mtego mwingine katika hatua hizo mbili. Hatua mbili ni za kusimama, kupiga pasi au kurusha. Si za kuanza kudunda. Kama umedaka pasi ukiwa kwenye mbio na unataka kudunda, mpira lazima utoke mkononi kabla hatua ya pili haijagusa chini. Wengi huudaka katikati ya uwanja wakiwa na kasi, wanapiga mbili kamili, ndipo wanakumbuka kuteremsha mpira. Hiyo ni traveli ya haki, hata kama imekuja kwa kasi nzuri na inapendeza macho.

Na kama unataka kusimama badala ya kuendelea, miguu ya hatua hizo ndiyo inakuamulia pivoti. Ukisimama kwa kushoto kisha kulia, pivoti ni kushoto. Ukisimama kwa miguu miwili pamoja katika hatua ya kwanza, una uhuru wa kuchagua. Lakini ukikanyaga mguu mmoja katika hatua ya kwanza, ukaruka kutoka hapo na kutua kwa miwili pamoja katika hatua ya pili, umezimaliza hatua zako zote na huna pivoti kabisa. Huwezi kuzunguka kwa mguu wowote. Unaweza kuruka urushe au upige pasi tu, na mpira utoke kabla hujarudi chini. Mbinu hiyo ni tamu sana ukiwa chini ya kikapu. Wengi huiharibu kwa kutua vizuri na kisha kugeuza mguu mmoja kidogo ili wapate nafasi.

Sasa ile filimbi ya tatu, iliyomfanya atolewe. Saba alikuwa ameshadunda, akashika mpira kwa mikono miwili akitafuta wa kumpa pasi. Mlinzi akanyoosha mkono. Mpira ukamponyoka Saba, ukaanguka, akaufuata, akaanza kuudunda tena kuelekea pembeni. Filimbi. Uwanja mzima ukapiga kelele "Traveli!", lakini refa alionyesha ishara nyingine: viganja viwili, kimoja kinapanda kingine kinashuka, kama anayepapasa hewa. Dabo.

Angalau jina lilikuwa sahihi, kwa sababu kesi ilikuwa ya mikono. Alikuwa ameshamaliza kudunda. Je, alikuwa na haki ya kudunda tena? Kanuni inatoa nafasi chache. Unaruhusiwa kuanza upya kama ulipoteza umiliki wa mpira kwa sababu ulirusha kwenye kikapu, au mpinzani aliugusa mpira, au pasi yako au mpira uliokuponyoka uligusana na mchezaji mwingine.

Kwa hivyo swali lote ni kidole cha mlinzi. Kama kidole kiligusa mpira ukatoka, Saba alikuwa huru kuanza upya, na filimbi haikustahili. Kama mpira ulimponyoka mwenyewe kwa woga, aliruhusiwa kuufuata na kuushika tena, kwa sababu kuponyokwa si kudunda, lakini hakuruhusiwa kudunda zaidi. Angeshika, atafute pasi au arushe. Tuliirudia video mara nyingi. Mgongo wa mlinzi unaficha kila kitu. Refa naye alikuwa upande ule ule wa mgongo. Saba anasema uliguswa. Mlinzi, kwa hakika, angesema la.

Hapo ndipo ukweli unapoishia, na ni sawa. Filimbi nne: moja ya haki, mbili za makosa, moja hatutaijua kamwe. Lakini angalia sisi watazamaji tulifanya nini. Kwa zote nne tulipiga kelele neno moja.

Dabo yenyewe ina sura ambazo watu huzitambua na sura ambazo huzipita. Anayedunda, akashika kwa mikono miwili, akadanganya kama anapiga pasi, kisha akadunda tena, kila mtu humwona. Anayedunda kwa mikono miwili kwa wakati mmoja na kuendelea, hasa watoto wadogo, pia huonekana. Inayopitwa ni ile ya kuupokea mpira kwa chini, kiganja kikitazama juu, mpira ukapumzika mkononi kisha ukaendelea kudundwa. Mtaani tunaiita kubeba. Mpira ukipumzika, kudunda kumeisha, na ukiendelea umeanza mara ya pili. Ndiyo maana mtu anaweza kupigiwa filimbi bila hata kusimama, na akabaki akilalamika kwamba hajashika. Alishika, sema kwa mkono mmoja.

Najua kuna mtu atanitumia klipu ya NBA aseme, "Sasa huyu je?" NBA ni ligi yenye kitabu chake. Nao pia waliandika maana ya kuukusanya mpira kwa uwazi zaidi mwaka wa 2019, ili mashabiki waache kuhesabu hatua kuanzia mahali pasipofaa. Lakini ukicheza Kajiado, kinachokuhukumu ni kitabu cha FIBA. Mambo mengi yanafanana, mengine hayafanani, na klipu ya simu haijawahi kubadilisha uamuzi wa refa.

Basi nini kifanyike? Mimi naona vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji bajeti ya kaunti.

Kwanza, kabla ya mechi ya kirafiki, makocha wawili na refa wakutane katikati kwa dakika mbili na kukubaliana: tunatumia hatua sifuri au hatutumii? Kama jibu ni kanuni za FIBA za sasa, basi inatumika, kwa timu zote mbili. Sina shida na refa mkali. Shida yangu ni mechi ambayo upande mmoja umefunzwa kanuni mpya na filimbi iko mikononi mwa kanuni ya zamani, halafu mtoto ndiye anayebeba tofauti hiyo mgongoni.

Pili, pale mtaani tunapocheza bila refa, anayepiga kelele "Traveli!" aseme mguu. "Traveli, pivoti ilikuwa kushoto, umeuinua." Akishindwa kutaja mguu, mchezo uendelee. Akisema dabo, ataje kudunda kuliishia wapi. Tumejaribu sheria hii kwenye korti yetu, na wiki ya kwanza kelele zilipungua mpaka mtu akauliza kama leo watu wamekosana. Watu hawakuwa wamekosana. Walikuwa wanatazama miguu.

Tatu, kocha, acha kuanza mazoezi na kudunda. Anza na kudaka. Mpe pasi, adake, agande kama sanamu, na aseme kwa sauti: "Kushoto," au "Kulia," au "Yoyote." Akikosea, rudieni. Fanyeni akiwa amesimama, kisha akija mbio, kisha akitua kwa miguu miwili. Ndipo umruhusu azunguke kwa mguu ule mwingine. Ndipo umruhusu adunde. Mtoto anayejua mguu wake amefungwa wapi hatahitaji kuambiwa asisogee, kwa sababu anajua ni mguu upi uko huru.

Na kama huna sakafu ya mbao, una bahati usiyoijua. Korti yetu ya nyuma ya ploti ni udongo mtupu. Mvua ikinyesha ni matope meusi yanayong'oa kiatu, hapo hakuna mchezo. Lakini kiangazi kikiwa kikali, vumbi la Kitengela ni refa asiyependelea mtu. Daka, zunguka, kisha tazama chini. Mguu uliozunguka palepale huacha duara dogo lenye kitovu. Mguu ulioburutwa huacha mkia. Mguu ulioinuliwa na kurudishwa huacha alama mbili. Kwenye saruji, paka chaki chini ya kiatu, utapata jibu lile lile.

Saba huja hapo siku hizi Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Hatujamrudishia kikapu chake cha Kajiado, na matokeo ya siku ile hayatabadilika. Wikendi iliyopita alidaka pasi yangu, akatua kushoto, akazunguka mara tatu na mlinzi amemganda, akanipita kwa mguu wa kulia. Nikapiga kelele "Traveli!" kwa mazoea tu.

Hakubishana. Alisimama, akanyoosha kidole chini kwenye vumbi. Duara moja, halina mkia.

"Bro," akasema, "sema ni mguu gani."